Sanduku la Sh

Domitille alirudi Uvira mwezi wa sita wa mwaka 1997, akiwa na kitenge kimoja, sufuria moja, na jina la mtu kichwani. Jina lenyewe lilikuwa Asha, mjane wa Kiislamu aliyeuza vitambaa Mulongwe. Miezi minane huko Kigoma, kambini, kila alipopiga magoti kusali alimtaja Asha baada ya watoto wake, na hakuona kama Mungu amechukia.

Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mchana, shule ikifungwa, alivuka ua wa parokia akaingia chumba cha Padri Ngendakumana, mzee aliyekuwa akitunga kamusi ya Kiswahili na Kirundi kwa ajili ya shule za bonde la Ruzizi. Padri aliandika kila neno kwenye fishi yake, kikaratasi kigumu kilichokatwa kwenye katoni za dawa. Kazi ya Domitille ilikuwa kuzipanga fishi hizo na kuziweka katika masanduku ya sabuni, herufi kwa herufi. Waliifanya kazi hiyo miaka saba. Hapakuwa na nakala nyingine.

Mwezi wa kumi wa 1996, risasi zilipoanza kusikika upande wa Runingu, mzee aliyagawa masanduku kwa watu aliowaamini, moja moja, ili nyumba moja ikiungua isiungue kamusi nzima. Domitille mwenyewe alipeleka moja kwa Asha.

"Ni amana," alimwambia. "Usimpe mtu mwingine isipokuwa minye mwenyewe."

"Nimesikia," Asha alisema, akalisukuma chini ya kitanda.

Padri Ngendakumana hakurudi. Homa ilimmaliza njiani, karibu na mji wa Baraka.

Ndiyo maana Domitille alipobisha mlango wa kile chumba, aliyemfungulia alikuwa padri kijana asiyemjua. Jina lake Mathieu, aliyeletwa kukusanya kilichobaki. Masanduku yalijaa meza yote, na Domitille alipoyaona alishika ukingo wa mlango. Watu walikuwa wameyarudisha. Wa Katogota walirudisha, wa Kalundu walirudisha. Moja lilikuwa na alama ya maji ya mvua, jingine limetafunwa pembe na panya.

"Mama, karibu ukae," Padri Mathieu alisema. "Gari la Bukavu linaondoka Jumatatu na fishi zote, kwa mpiga chapa. Tumshukuru Mungu, karibu yote yamepatikana. Tumepoteza maneno ya sh tu."

"Sh imepotea namna gani?"

Akavuta sanduku la S, akapitisha kidole juu ya fishi. "Tazama. Serikali, seti, setiri. Halafu inaruka mpaka siafu. Shaba, shoka, shule, hakuna hata moja. Kuna mtu alichomoa fishi zote za katikati, labda za kuwashia moto. Nimeanza kuziandika upya kwa kichwa changu. Nimefika sitini." Alionyesha rundo dogo, kwa haya kidogo.

Domitille alichukua fishi za juu akazisoma. "Padiri, shamba umesahau. Shampeni umekumbuka."

Padri alijicheka mwenyewe. "Seminari, Mama. Nisamehe."

"Sh haikuwa humo hata siku moja," Domitille alisema polepole. "Minye sikuiweka humo."

Akamweleza. Ukutani mwa darasa lake palikuwa na ubao wa silabi: sa se si so su mstari mmoja, na sha she shi sho shu mstari wake peke yake, chini. Watoto waliimba hivyo, naye akapanga hivyo. Kwake sh ilikuwa herufi kamili, sauti moja mdomoni, si s inayofuatwa na h. Kwa hiyo maneno yote ya s yalikwisha kwanza, mpaka swali, ndipo sh ikaanza, katika sanduku lake yenyewe. Mzee alimwachia. Alisema watasahihisha mwishoni.

Padri Mathieu alipitisha tena kidole juu ya fishi za S. Kisha akavuta sanduku la N. "Ndiyo maana nyama nimeikuta nyuma ya nzige. Nilifikiri ni vita vimezichanganya."

"Ni minye niliyezichanganya. Ny nayo niliipa mstari wake."

"Na ch?"

"Ch haina matata. C haikai peke yake katika Kiswahili, basi ch iko na nyumba nzima, baada ya b, kabla ya d. Ukipanga kwangu, ukipanga kwako, haihami."

Padri akauliza sanduku hilo liko wapi. Domitille alikuwa tayari ametoka nje. Alijua nani alipewa. Hakujua kama nyumba yenyewe bado ipo.

Walikwenda pamoja kwa miguu. Ukuta wa mbele wa Asha ulikuwa na matundu ya risasi, na mlango ulikuwa wa bati, si ule wa mbao wa zamani. Asha alikuwa uani, anapepeta mchele. Aliinua macho, akaweka ungo chini.

"Weye Domitille," alisema. "Umekonda namna hii, ningekukuta njiani ningekupa sadaka."

Wakakumbatiana, wakakaa hivyo muda mrefu, mchele ukiliwa na kuku.

"Huyu padiri ninamujua," Asha alisema alipopangusa macho. "Alituma watu wakauliza nani iko na masanduku ya parokia. Nikanyamaza. Hakunipa yeye."

"Mama, ungeniambia tu," Padri Mathieu alisema.

"Ningekuambia nini? Amana inarudi mukono uleule." Akaingia ndani, akatoka na sanduku limefungwa kwa kanga. "Askari mumoja alilivuta chini ya kitanda. Akaniuliza, mali gani hii? Nikamwambia, ni maneno. Akafungua, akasoma kwa sauti: shangazi, shavu, shemeji. Akacheka, akalirudisha. Redio yangu ndiyo alichukua."

Domitille alifungua fundo. Fishi mia moja arobaini na sita, kwa mwandiko wa mzee, kutoka shaba mpaka shwari. Hakuna iliyotoka mahali pake. Alizigusa kama mtu anayegusa nywele za mtoto aliyelala.

Siku mbili zilizofuata alikaa mezani na Padri Mathieu. Alifikiri atamwomba aiache sh mahali pake. Lakini Padri alimwuliza swali moja: mtoto wa Katogota aliyeokota kamusi, asiyewahi kuona ule ubao wa silabi, atatafuta shamba wapi? Domitille alifikiri, akajiona kambini, akitafuta majina ya watu wake katika orodha ndefu asizozipanga yeye. "Atahesabu herufi moja moja," alisema. "Baada ya se, kabla ya si."

Basi akaziingiza mwenyewe, shaba nyuma ya setiri, shwari mbele ya siafu. Akaitoa nyama nyuma ya nzige. Akarudi hata kwenye sh iliyo ndani ya maneno: fishi ya kisha, aliyokuwa ameisukuma nyuma ya kisu, ikapanda ikakaa kati ya kisasi na kisima. Shampeni ya Padri waliiacha ibaki humo, kwa kuwa mzee hakuwa na neno hilo.

Jumatatu gari liliondoka. Sanduku la sh lilibaki tupu mezani. Domitille alilifunga kwa ile kanga, akaliweka kichwani, akashika njia ya Mulongwe. Mwenye kanga alikuwa anangoja, na ndani ya sanduku Domitille alikuwa ameweka mchele, kiasi walichokula kuku, na kidogo zaidi.