Cherehani ya Mama na Kopo la Risiti za Baba

Mjukuu wangu amenunua friji kwa simu. Friji lenyewe likagandisha wiki mbili, wiki ya tatu likaacha, na duka likamwambia alete uthibitisho wa kununua, maana garantii haitembei bila ushahidi. Akacheka. Akaniwekea simu puani: picha ya oda, tarehe, bei, namba, kila kitu kimepigwa picha palepale kwenye kioo. "Bibi, siku hizi hatuweki makaratasi kwenye makopo."

Nikavaa miwani. Nikamwuliza jina lililoandikwa hapo juu ni la nani.

"La mume wangu. Akaunti ni yake. Kwani kuna tofauti gani, bibi, si hela ni zangu?"

Hakuna tofauti hata kidogo, mwanangu. Kaa chini nikueleze jinsi ambavyo hakuna.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huku Newala, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Wapo watu waliompenda Mungu, wapo waliopenda pombe. Baba alipenda karatasi. Alikuwa na kopo la biskuti, bati jekundu lililokuja na biskuti za padre fulani, na ndani yake mlikuwa na kila stakabadhi ya kodi ya kichwa aliyowahi kulipa, risiti ya jembe, risiti ya taa, hata risiti ya kofia iliyoliwa na panya tangu sijazaliwa. Kofia haikuwepo tena, lakini uthibitisho kwamba iliwahi kuwa yake ulikuwepo. Kopo lilining'inia juu ya jiko ili moshi ufukuze mchwa, kwa hiyo utajiri wetu wote wa maandishi ulinuka samaki wa kukausha.

Niseme ukweli, hakuwa mjinga. Siku zile mwanamume aliyekutwa njiani bila stakabadhi ya kodi alikuwa na mazungumzo marefu na tarishi wa serikali, na mwisho wa mazungumzo hayo aliweza kulipa tena au kwenda kulima barabara. Baba alitembea na ya mwaka ule mfukoni, na zilizopita zilipumzika kwenye kopo. Ila kutokana na hilo alijitungia elimu yake mwenyewe: kwamba karatasi ni jambo la mwanamume. Mwanamke hadaiwi kodi, basi risiti ataipeleka wapi?

Mama hakujua kusoma. Misheni walimfundisha sindano, hawakumfundisha herufi. Alishona kwa mkono miaka mingi, sare za watoto wa shule, magauni ya harusi, majoho ya kwaya, na fedha ya kushona akaichanganya na ya korosho za shamba alilopewa na mama yake kule Mnyambe. Akatuma oda ya cherehani kwa mwenye duka mmoja wa Masasi. Alipewa kipande cha oda, nusu yake ikabaki dukani, na aliambiwa asubiri. Akasubiri miezi. Habari ilipokuja kwamba cherehani imefika, alipanda lori la korosho kabla jua halijatoka, akashuka Masasi mchana, akakabidhi kile kipande na fedha iliyobaki.

Mwenye duka alikuwa mtu wa taratibu. Akachukua kipande cha oda akakichoma kwenye msumari wake, akafungua kitabu cha risiti, akaandika namba ya mashine, akaandika kwamba ina garantii ya mwaka mmoja kwa atakayeleta risiti hii. Kisha akauliza, "Jina la bwana?"

Na mama, aliyelala njaa kwa ajili ya cherehani ile, akataja jina la baba.

Usimcheke. Mama yangu alikuwa hana jina. Tangu nizaliwe watu wote walichukua jina langu wakalitangulizia "Mama", na hilo ndilo likawa yeye: sokoni, kanisani, kwa majirani, hata baba alimwita hivyo. Jina lake mwenyewe lililala kwenye daftari la ubatizo. Mtoto kulitamka lilikuwa kosa la kuchapwa. Aliulizwa jina la kuandikwa kwenye karatasi, naye akataja jina la mtu mwenye karatasi.

Alilala kwa ndugu pale Masasi, kesho yake akarudi na cherehani mapajani. Baba alipokea risiti kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti, akafika penye jina lake, akaridhika sana na ununuzi alioufanya. Ikaenda kwenye kopo.

Mwezi wa tano tangu ije, jino la gurudumu la mkono likakatika. Mama akaomba risiti aipeleke Masasi, maana bila risiti garantii ni hadithi tu. Unadhani alipewa hivihivi? Baba alivaa koti. Akatungua kopo, akatoa risiti, kisha akachana ukurasa wa daftari la shule akaandika kwamba siku hiyo ametoa risiti moja ya cherehani, itarudishwa salama, na akamwekesha mama dole gumba chini yake. Risiti ya kuazima risiti! Na hiyo nayo akaitia koponi, ikae na wenzake.

Mwenye duka akalinganisha namba ya kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye chuma, akaangalia tarehe, akabadilisha gurudumu bila kudai hata senti. Mama akarudi na risiti ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa, ndani ya kitambaa kingine. Baba akaikagua pande zote kama daktari.

Mwaka uliofuata baba akafa kwa homa. Nilimpenda, na nilimlilia hadi sauti ikakauka. Nayasema haya ili usidhani namdhihaki kwa chuki.

Siku ya arobaini akaja mrithi. Kwa desturi ya kwetu mali ya mwanamume haiwaendei watoto wake, huenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Mpwa wa baba alikuwa kijana mtanashati, mwenye huzuni iliyopigwa pasi. Alilia vizuri, akala vizuri, kisha akaomba kopo. Mama akalitungua akampa. Baiskeli akampa. Koti akampa. Kisha kijana akanyoosha kidole kwenye cherehani.

"Hiyo ni yangu mimi," mama akasema.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini mjomba ameacha maandishi." Akafungua kopo, akatoa risiti, akaonyesha jina. "Jina la nani hili?"

Mama akaenda akakaa juu ya sanduku la cherehani, na hakuondoka mpaka wageni wote walipokwisha. Tulikuwa watoto wanne, mimi mkubwa, wa miaka kumi na miwili. Cherehani ile ndiyo iliyotupikia. Bila hiyo tungegawanywa kwa ndugu kama vikombe, na hilo kila mtu alilijua, mpwa pia. Akapeleka shauri kwa Liwali.

Barazani Newala alikuja na kopo kwapani. Liwali alikuwa mzee mnene, mvumilivu, anayefumba macho anaposikiliza ili watu wadhani amelala. Mpwa akapewa nafasi ya kwanza, na Mungu amjalie, aliitumia yote. Risiti ya mjomba peke yake ingemtosha. Yeye akaona aipambe.

"Bwana Liwali, nilikuwepo. Tulikwenda Masasi mimi na marehemu, wawili tu. Kwa macho yangu haya nilimwona akimwekea mwenye duka fedha mezani. Mimi ndiye niliyeibeba cherehani hadi kwenye lori."

"Na kopo hili?" Liwali akauliza.

"Ni karatasi zote za marehemu. Haipungui hata moja."

"Mama, wewe una karatasi gani?"

"Shikamoo, Bwana Liwali. Sina."

"Marahaba. Basi una neno gani?"

Mama akaelekeza kidole kwenye kopo. Kisha akasema taratibu, "Siku ile ninachukua cherehani, marehemu hakuja nami kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho ya kodi. Alishinda kwenye mstari hapahapa bomani. Naomba karani atafute stakabadhi ya kodi ya mwaka ule. Haijatupwa. Mume wangu alikuwa hatupi."

Karani akachakura. Harufu ya samaki ikajaa baraza. Akapita jembe, akapita taa, akapita kofia ya panya, akasoma kwa mshangao ile ya dole gumba, na mwisho akatoa stakabadhi ya kodi. Liwali akafumbua macho. Akaziweka zote mbili mezani, ya kodi kushoto, ya cherehani kulia. Moja imetolewa Newala, moja Masasi. Tarehe moja. Mwezi mmoja. Mwaka mmoja.

"Kijana," akasema, "mjomba wako alikuwa mtu wa ajabu. Amesimama hapa kwenye mstari wa kodi, na saa zilezile anahesabu fedha Masasi. Au alikuwa na mabawa?"

Watu wakacheka. Mpwa akasema labda alichanganya siku, labda alituma fedha kwa mkono wa mke. Liwali akamwambia mtu aliyeapa kuona asichokiona hawezi tena kuliambia baraza fedha ilitoka mfuko wa nani. Cherehani ikabaki kwa mama. Ushindi ule baba ndiye aliyetupa, kwa ugonjwa wake wa kutotupa kitu, na mpwa ndiye aliyeubeba kwapani akatuletea.

Lakini mama hakusogea. "Bwana Liwali, risiti ina jina la marehemu. Kesho atakuja mwingine. Naomba karatasi yangu."

Liwali akamwashiria karani. Karani akaandika mistari michache, akagonga muhuri, akamkabidhi. Mama akaishika kama mtu anayepokea kitoto kichanga, tukatoka nje. Pale kwenye ngazi akanipa mimi.

"Nisomee."

Ilikuwa imeandikwa: cherehani namba fulani ni mali ya mjane wa marehemu, na kisha, kwa mwandiko mzuri ajabu, jina kamili la baba.

Nikamtazama mama. Nikasoma namba. Nikasoma "ni mali ya." Kisha nikatamka jina la mama yangu, lile la ubatizo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani, na hakunichapa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Aliiweka karatasi ile kwenye kopo lake mwenyewe juu ya jiko, miaka arobaini na zaidi. Kila mgeni wa heshima alionyeshwa, na kila aliyejua kusoma nilimwahi mlangoni nikamnong'oneza jina la kusoma. Wote walisoma nilivyowaomba. Wiki aliyokufa alinitaka nimsomee tena, nikasoma vilevile, nisikose hata herufi.

Ninayo. Bado inanuka moshi. Haya, mjukuu wangu, nionyeshe tena hiyo picha yako ya friji.