Kurasa Mbili Kwenda Uholanzi

Zeyana binti Hilali alikuwa mpiga chapa wa ofisi yetu ya maendeleo ya kanisa hapa Tabora mjini, na alikuwa Mwislamu. Watu walilisema sana hilo. Mimi nilikuwa karani wa masijala, meza zetu zinatazamana, kwa hiyo nasema ninalolijua. Aliajiriwa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi na Kiingereza chake kilinyooka. Duka la baba yake lilikuwa limeshafungwa, na mama yake alimtegemea yeye. Ukimwuliza habari za kazi anakwambia, "Ndiko ninakokula, Apolinaria, nitasemaje?"

Jioni alikuwa na kazi nyingine, ya kuandika barua za posa. Kijana wa mtaa wa Isevya au wa Ng'ambo akitaka kuoa, wazee wake walimfuata Zeyana. Naye alikuwa na sheria zake. Barua ya kwanza ni ya kubisha hodi: sisi ni akina fulani, binti tumemwona, nia tunayo, mkituruhusu tutakuja tuzungumze. Mahari hayaorodheshwi humo, wala mashuka. "Ukianza na orodha," alikuwa akisema, "umeshakataliwa hujaketi."

Mwanzoni mwa mwaka 1974 mkuu wetu, Ndugu Lugembe, alipata barua kutoka kwa wafadhili wa Uholanzi. Walisema tusiwaletee andiko kamili la mradi. Tuwaletee kwanza dokezo la kurasa mbili: tatizo ni nini, mradi utawasaidia akina nani, mtafanya nini, kwa muda gani, wananchi watachangia nini, na makisio ya gharama kwa jumla. Wakivutiwa, ndipo wataomba andiko lenyewe. Kamati yao ilikaa Machi, halafu basi mpaka Septemba.

Mradi tulikuwa nao: kisima cha zahanati ya Mwabusalu, kijiji kipya cha ujamaa upande wa Nzega. Nesi wa pale, Mama Paskazia, alikuwa amemaliza viatu kwa kuja ofisini kwetu. Kwake mama mjamzito alikwenda kujifungua na ndoo yake ya maji kichwani, mwendo wa saa mbili kutoka bwawani. Nilimwuliza siku moja, je, asiye na wa kumchotea? Akasema, "Ananisubiri nikachote mimi. Wengine hawawezi kunisubiri."

Ndugu Lugembe akajifungia siku tisa, akatoka na kurasa kumi na saba. Zilianza kwa salamu. Zikafuata habari za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, tembe la Kwihara na Mzungu aliyekaa humo, siasa ya kujitegemea, na mwisho orodha ya mabomba mpaka misumari. Msimcheke. Alikuwa mwalimu mkuu zamani, na kwake kumsalimu mgeni kwa mkato ni kumtukana. Mimi nilizisoma zote, na kisima nilikikuta ukurasa wa kumi na mbili.

Zeyana naye alizisoma, akavua miwani.

"Ndugu Lugembe, hii ni barua ya kwanza, nawe umeshapeleka na vitanda."

"Binti Hilali, hatuchumbii hapa. Tunaomba maendeleo."

"Hatuombi bado. Tunauliza kama tunaweza kuomba."

Walibishana mpaka chai yangu ikapoa. Mwisho mzee akachoka, akamwachia akate. Zeyana akakata kama anayepogoa mchongoma. Misafara ikaenda, misumari ikaenda, mabomba yote yakawa mstari mmoja wa makisio. Zilibaki kurasa mbili kamili, na zilisomeka.

Siku ya kutiwa saini Mama Paskazia alishuka mjini kwa lori la pamba. Zeyana akamsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Mama yule akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akauliza taratibu, "Mbona kisima chetu hakimo?"

Zeyana akauliza, "Kisima gani?"

Hapo Ndugu Lugembe akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kumbe watu wa Mwabusalu walishachimba. Miezi mitatu, wanaume kwa wanawake, kwa zamu, kwa majembe na sururu, mpaka futi thelathini na mbili. Wakagonga mwamba. Shimo lilikuwa kavu mpaka siku hiyo, limefunikwa magogo watoto wasitumbukie. Na aliyechagua mahali pale, akahutubia, akachinjiwa mbuzi, alikuwa Ndugu Lugembe mwenyewe. Katika kurasa zote kumi na saba hakuliandika.

"Tutamwonyeshaje mgeni shimo kavu?" akasema. "Ni aibu."

Zeyana ana hasira, lakini akikasirika sauti yake hushuka. "Mzee wangu, kijana akiwa alishaoa akaacha, mimi huandika. Wenyewe watasikia kwa majirani, afadhali wasikie kwetu. Sasa hapa tunasema tunataka mashine ya kuchoronga mwamba. Watauliza, mwamba mmeujuaje na jembe hamjashika? Na hapa tumeandika wananchi watajitolea nguvu zao. Kila mtu anaandika hivyo. Hawa wameshajitolea."

Basi la posta lilikuwa linatusubiri, na kamati haikuwa mbali. Zeyana akaingiza karatasi mpya, akaliweka shimo lile kwenye aya ya kwanza kabisa, na futi zake. Ili lienee, akaondoa salamu zilizobaki.

Ndugu Lugembe akatia saini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. "Wakikataa," akamwambia, "utakwenda kuandika posa zako nyumbani." Hakuwa anatania. Nilimjua.

Wiki kumi na moja tulingoja. Zeyana alipunguza maneno, na kwa Zeyana hiyo ni homa. Alianza kuweka nauli yake akiba, akaenda kazini kwa miguu. Mama Paskazia alituma salamu kila lori, na chini ya salamu swali lile lile: wamejibu?

Bahasha ikaja siku ya Alhamisi. Nilimpelekea mzee bila kuifungua, ingawa kufungua ndiyo kazi yangu. Akatoka nayo mpaka kwenye meza ya Zeyana, akampa yeye aisome kwa sauti. Mama Paskazia alikuwa kwenye benchi, amefuata dawa.

Waholanzi waliandika kwamba barua hiyo si ahadi ya fedha. Kamati imevutiwa, hasa na watu waliochimba futi thelathini na mbili kwa mikono. Tulete andiko kamili kabla ya Septemba, na tueleze mambo mawili: nani atatunza pampu, na safari hii mahali pa kuchimba patachaguliwaje.

Mama Paskazia alipofafanuliwa alicheka, akalia, akacheka tena, akamkumbatia Zeyana na taipureta yake. Mimi nilipiga vigelegele ofisini mwa kanisa, na sijutii.

"Si ahadi," Ndugu Lugembe alirudia, lakini alikuwa anatabasamu kama mtu wa arusini. Kisha tabasamu likamtoka. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Zeyana.

"Chapa andiko kamili," akasema. "Aya ya kwanza. Mahali pa kisima cha zamani nilipachagua mimi, Lugembe, bila kumwuliza mtaalamu wa maji wala akina mama wanaochota. Mahali pa kisima kipya watapachagua wao pamoja naye."

Zeyana hakuchapa. Alimtazama.

"Mzee, hili si lazima uliandike."

"Kesho wasikie kwa majirani?" akasema. "Chapa, binti Hilali."

Akachapa. Tangu nimjue sikuwahi kusikia mashine yake ikienda polepole vile.