Kutembea Ndani ya Eda

Dada yangu Mwanamkasi alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa ndani ya eda, na kwa sababu alikuwa ndani ya eda hakuna aliyefikiri kuwa ni moyo.

Mumewe, Msabaha, alikuwa hajatimiza mwezi kaburini. Jioni hiyo Mwanamkasi alishika kifua, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito, na sisi sote tukasema ni majonzi. Mjane akisema kifua kinambana, nani atamwambia akapimwe? Tulimlaza, tukamsomea Yasini, tukamsugua mafuta ya habasoda. Tulimpeleka hospitali kesho yake, naye alikuwa amekwishageuka rangi. Wakamkimbiza Dar. Huko walipitisha waya kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka moyoni, wakaweka kijibomba kinachouzuia mshipa usizibe tena. Daktari alituambia kwamba tulichelewa, na kwamba kipande cha msuli wa moyo kilikwisha kufa. Sikulia. Nilitazama viatu vyake.

Alirudi nyumbani Dunda na mfuko wa dawa na barua ya kurasa mbili. Mwanamkasi anasoma kuliko mimi, lakini alinipa niisome, akakaa kitandani na nguo zake za eda akilitazama dirisha. Ilikuwa barua yenye adabu, ya muuguzi wa kliniki inayowarudisha wagonjwa wa moyo kwenye nguvu zao. Alisema mazoezi yao yanafanyika Dar mara mbili kwa wiki, lakini kwa kuwa yeye yuko mbali, atafanyia nyumbani na wao watampigia simu. Aanze kutembea dakika tano au kumi mahali tambarare, asubuhi na jioni, kisha aongeze kidogo kidogo kila baada ya siku chache hadi afike nusu saa. Aanze taratibu na amalize taratibu. Asitembee jua likiwa kali wala akitoka kula. Asinyanyue ndoo. Kipimo cha mwendo ni mdomo wake: aweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kifua kikibana asimame, akae, aweke kidonge chini ya ulimi; kama baada ya dakika tano maumivu yapo, aweke cha pili na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Dawa za kuifanya damu isigande asiache hata siku moja, hata akijiona mzima.

Nikafika kwenye kuendesha gari, nikapunguza sauti. Gari la nyumbani, baada ya wiki nne akiwa hana maumivu. Gari la abiria asiliguse mpaka apimwe kwenye mashine ya kutembea na daktari aandike kwamba anafaa. Hapo Mwanamkasi aligeuza uso kutoka dirishani.

Dada yangu ni dereva wa basi la shule. Kipanya cha njano, miaka kumi na mbili. Wanaume wa mji huu walimcheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaanza kumletea watoto wao. Msabaha, alipostaafu kazi ya bandarini, aliingia humo kuwa mwangalizi wa watoto. Yeye hakujua kuendesha hata baiskeli, basi watu walimtania kwamba ameolewa na dereva, naye alikubali. Mwanamkasi akifika mlangoni kwa mtoto husimamisha gari, na bila kugeuka husema, "Msabaha, mlango." Na Msabaha hujibu, "Naam, dereva," anausukuma mlango. Asubuhi nzima, nyumba kwa nyumba, maneno ni hayo hayo.

Mwenye shule, Bwana Shamsudin, alikuja kumpa pole. Alikaa barazani, akaongea kupitia kwangu kama inavyostahili. Alisema amempata kijana wa kushika gari kwa muda, na kwamba shule ikifunguliwa Januari atampokea dada akija na karatasi ya daktari. Asipokuja nayo, kijana atabaki. Hakusema kwa ubaya. Nilimpelekea dada maneno yale chumbani, akasema, "Haya."

Kila kitu wakati ule kilikuwa "haya." Chai? Haya. Dawa? Haya. Nilimuuliza kama ana uchungu, akanijibu, "Nasrin, sisikii kitu. Wala moyo wala mume." Barua ilikuwa na mstari juu ya hilo pia, kwamba wengine baada ya mshtuko hujiona wamekufa ganzi na wawaambie wauguzi. Najma, yule muuguzi, alipopiga simu nilimwambia. Aliongea naye muda mrefu. Mwanamkasi akawa anaitikia tu, haya, haya.

Lakini alitembea. Asubuhi ya kwanza alivaa kandambili akaanza kuzunguka ua, kando ya kisima, nyuma ya jiko, mbele ya kamba ya nguo, na kurudi. Ndipo vita vilipoanza.

Wifi yake Rukaya, dada mkubwa wa Msabaha, alikuwa amehamia kwetu kusimamia eda. Ni mwanamke mwema, mnene, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Kwake yeye mgonjwa analala na mjane anatulia, sasa mgonjwa aliye mjane afanye nini kama si kulala mara mbili? Wageni wa msiba walikuwa bado wanakuja. Wanapita ukumbini, wanamkuta mfiwa anazunguka ua akisemasema peke yake. Mmoja alitoka akasema Mwanamkasi amechanganyikiwa. Mwingine akasema afadhali angekuwa amechanganyikiwa. Yeye, alisema, ameona mtu mwenye nguvu zake, na kaburi la mumewe hata udongo haujakauka.

Hilo la pili ndilo lililomchoma Rukaya. Alizichukua kandambili akazifungia kabatini. Nilipomuuliza alisema nyumba hii ina heshima yake. Nikamwambia heshima haizibui mshipa, na kama anataka kuzika mara mbili aseme. Yalikuwa maneno mabaya, na niliyasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mwanamkasi alikaa katikati yetu akamenya kitunguu. Siku tatu hakutembea. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu wiki za kufika Januari, yeye wala.

Nikaenda kwa Shehe Alawi, aliyemsomea Msabaha talakini kaburini. Nilitia chumvi kidogo juu ya Rukaya, sikatai. Shehe hakucheka. Alisema mjane hatoki kwa starehe, lakini kwa tiba hutoka mchana akarudi kulala nyumbani kwake, na kwamba kutembea ndani ya ua wake mwenyewe hakuhitaji fatwa ya mtu. Kisha alikuja mwenyewe, akasimama nje ya mlango akamwita Rukaya. Alimwambia kwamba anayeogopa maneno ya watu juu ya mfiwa, dawa yake ni kumtembeza mfiwa yeye mwenyewe. Watu wakimwona wifi yuko kando yake watanyamaza.

Rukaya alirudi ndani akafungua kabati. Alivaa viatu vyake vya Idi, maana ndivyo vyenye soli nene.

Basi wakawa wanazunguka wawili. Nilikaa jikoni nikasikia kile ambacho wageni walidhani ni wazimu. Mwanamkasi alipaswa kuongea ili ajue kama mwendo umezidi, na hakuwa na la kuongea, kwa hiyo alikuwa akitaja watoto wa kwenye gari, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio wa kuwachukua. Hapa Fatu na mdogo wake. Hapa pacha wa mwalimu. Hapa Sufiani, asikae dirishani. Akiweza kumaliza sentensi, mwendo ni sawa. Akikatika katikati, wanapunguza.

"Sufiani si ndiye yule," Rukaya aliuliza siku moja, akihema yeye kuliko mgonjwa, "aliyekuwa akimtapikia kaka?"

"Ndiye," alisema Mwanamkasi. "Kila Jumatatu."

Nilisubiri kicheko au kilio. Hakikuja hata kimoja. Waliendelea kuzunguka, na jioni Rukaya aliniomba nimkande magoti.

Zikapita wiki. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa nusu saa. Njia ya watoto ikaisha yote hadi Makurunge, kituo cha mwisho, ikabidi waanze upya. Wageni walikoma kuja. Mwanamkasi alipata rangi, akala, akaanza kuchambua mchele na kukunja nguo. Ila macho yalikuwa yale yale. Nilimkasirikia kwa hilo, na nilijua kwamba sina haki.

Mwezi wa mwisho wa eda tulikwenda Dar mchana kwa mchana, mimi, yeye na Rukaya. Walimbandika nyaya kifuani, wakampandisha kwenye mashine. Kila dakika tatu mkanda uliongezwa kasi na kuinuliwa kama kilima. Fundi alimwambia aseme kifua kikibana. Yeye akawa anataja watoto kwa sauti ya chini, macho kwenye ukuta, mpaka pumzi ikamkatia mbali sana, karibu na Makurunge. Daktari alitazama mistari ya moyo na picha ya jinsi moyo unavyosukuma damu. Akasema kile kipande kilichokufa hakitafufuka, ila moyo uliobaki unatosha kazi. Aliandika karatasi: anafaa kuendesha, aanze na nusu siku na njia fupi kwa wiki mbili, asibebe mizigo, dawa ziendelee. Mwanamkasi aliikunja akasema haya.

Eda iliisha mwishoni mwa Desemba. Alioga, akabadili nguo, tukasoma dua. Bwana Shamsudin aliisoma karatasi mara mbili, akamrudishia ufunguo. Kijana akabaki na njia ya Makurunge, kwa gari jingine la shule. Kilichokosekana ni mwangalizi wa watoto, na kabla mtu hajauliza Rukaya alisema magoti yake sasa ni mazima kuliko ya kijana yeyote.

Asubuhi ya kwanza nilipanda nyuma. Nilisema ninakwenda sokoni, na hakuna aliyeniamini. Mwanamkasi alirekebisha kioo, akajaribu breki, akatoka taratibu kama mtu aliyeondoka jana tu. Rukaya alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kile cha Msabaha, mikono magotini.

Tukafika kwa kina Fatu. Watoto wawili walikuwa wamesimama na mikoba. Mwanamkasi alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, macho mbele.

"Msabaha, mlango," alisema.

Niliona mgongo wake ukijua alichokisema. Alizima injini. Mikono ikabaki kwenye usukani, na mabega yakaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha yote, na sauti ikatoka ambayo sikuisikia siku ya maziko wala siku yoyote baada yake. Nikainuka. Nilifikiria vidonge, nilifikiria kifua.

Rukaya alinizuia kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye. Alisubiri mpaka yule aliye mbele akapata pumzi ya kusikia.

"Abee, dereva," alisema, akausukuma mlango.

Fatu aliingia na mdogo wake, wakasalimia, "Shikamoo bibi, shikamoo mama." Walikaa. Tulimsubiri hapo mpaka akamaliza kulia, na siku hiyo watoto wote walichelewa shule.