Jenifer na Jukwaa la Ngozi

Mke wangu Jenifer amebeba karai la udongo kichwani kwa miaka kumi na minane. Amebebea maghala, madarasa, na nyumba za watu ambao leo wakipita na pikipiki hawamsalimii. Ukimuuliza mtu yeyote hapa Bariadi habari zake, atakuambia jambo moja tu kumhusu, tena atalisema huku akizuia kicheko. Jambo hilo si la kweli. Mwenye jambo ni mimi.

Tulioana akitokea Shishiyu, kwenye nyumba ya ng'ombe wengi, nami nilikuwa mwashi mwenye pima maji moja na maneno mengi. Mungu alitupa mtoto mmoja, Generoza. Alipoolewa Malampaka tukabaki wawili, na Jenifer akasema hawezi kukaa nyumbani kutazamana na kuku. Akanifuata kazini. Fundi Bundala, aliyekuwa mkubwa wetu, alicheka, kisha akampa karai ili aone atachoka siku ya ngapi. Baada ya mwezi hakutaka tena mbebaji mwingine. Jenifer hakumwaga udongo wote mahali pamoja juu ya jukwaa kama wengine. Alitazama kwanza tofali zimekaa wapi, kisha akaweka karai lake upande mwepesi.

Na Bundala alilipenda hilo, kwa sababu Bundala alikuwa mtu wa sheria. Nguzo zake za mirunda alizichimbia ardhini hadi kiwiko, akashindilia mawe. Ubao wa kukanyagia aliulaza juu ya fito tatu, ncha isining'inie hewani, maana ncha ya namna hiyo ukiikanyaga ubao unanyanyuka nyuma yako nawe unakwenda chini. Miti ya mshazari aliiweka hata pale ambapo wenzake walisema inaziba njia ya toroli. Fito ya kiunoni, ya kukuzuia usirudi kinyumenyume ukasahau uko juu, hakuiacha. Aliyerundika tofali zaidi ya arobaini mahali pamoja alishushwa na kuambiwa akajenge mabanda ya bata. Mafundi wa mji mzima walimwona mwenda wazimu, na kila mwaka mmoja wao alianguka.

Ila kwenye kufunga, akili yake yote ilisimama. Pale nguzo inapokutana na fito ya kulala, ile inayobeba mbao na tofali na sisi wenyewe, Bundala alifunga kwa kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe. Alizipata bure machinjioni, akazikata nyembamba, akazifunga zikiwa na unyevu. Jua likizikausha zinajikaza, zinakuwa ngumu kiasi kwamba siku ya kubomoa jukwaa tulitumia shoka. Waya aliudharau. Mji ulikuwa umejaa maduka mapya tangu biashara iachiwe huru, na waya ulining'inia kila mlango, lakini yeye alisema vitu vya dukani ni vya watu wasiokuwa na mifugo. Maboma ya baba yake yalifungwa kwa ngozi na hakuna fahali aliyewahi kuyavunja.

Miaka kumi na moja jukwaa lake halikuteleza hata kidole. Tulijivuna, wala hatukujiuliza kwa nini. Jibu lilikuwa jepesi. Huku kwetu watu walijenga kiangazi, pamba ikishauzwa, na kufika Oktoba paa lilikuwa juu. Kanda za Bundala hazikuwa zimewahi kunyeshewa.

Mwaka wa tisini na sita, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia kwa fujo, na mmoja wao alikuwa Masele. Huyu alinunua pamba kwa pupa, akiwapandia wenzake bei hadi kwenye nyua za wakulima, na ilipofika Septemba ndipo alipokumbuka kwamba pamba inahitaji mahali pa kulala. Akatuita tumjengee ghala. Novemba ilipoingia tulikuwa tumeshavuka lenta na kubakiza pembetatu ya juu ya ukuta, ile inayoshika paa. Magunia yake yalikuwa uani chini ya maturubai, naye alilitazama wingu kama anayetazama mwizi.

Jumatatu jioni mvua ilishuka, ikanyesha mpaka alfajiri.

Jumanne tulifika jua likiwa limeshatoka, zuri, la kukudanganya. Masele alikuwa ametangulia, suruali imekunjwa hadi magotini, anahesabu magunia yaliyolowa. Bundala alilizunguka jukwaa, akatikisa nguzo moja baada ya nyingine. Nguzo hazikutikisika. Akaridhika.

"Mahona, panda," akaniambia. "Leo tunamaliza upande huu."

Nilikuwa nimeweka mguu kwenye ngazi Jenifer aliposema, "Fundi, asipande."

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama chini ya fito ya pili, mkono ameuinua, kidole kimeingia katikati ya ukanda na mti. Jumamosi iliyotangulia pale hata kisu kisingeingia.

"Mayu, hiyo itakaza," Bundala akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Saa nne jua litakuwa limeirudisha."

"Itakaza, fundi, lakini itakaza ikiwa imeshateleza. Nguzo unazotikisa ziko ardhini. Mzigo haubebwi na nguzo, unabebwa na fundo. Ngozi ikilowa inavutika, na mtu akikanyaga, fito itashuka na mbao zake."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Nilijua, na hapa ndipo ninapojichukia. Nilijua zaidi yake, kwa sababu kitanda chetu cha nyumbani kilisukwa kwa kanda za ngozi, na mwenye kukisuka upya kila baada ya miezi michache nilikuwa mimi. Kilibonyea upande wangu. Kilibonyea kwa sababu siku nilizokunywa pombe ya mtama, na hazikuwa chache, nilikilowesha. Mtu mzima, baba wa binti aliyeolewa, mwenye kuufundisha mji kunyoosha kuta.

Masele alikuja amekunja uso. "Kuna nini? Pamba yangu inaoza, nyie mnafanya mkutano?"

"Huyu mama anasema ngozi imelegea," Bundala akamjibu, kisha akamgeukia Jenifer, na sasa sauti yake ilikuwa ya kumwaibisha. "Mimi nimefunga ngozi tangu hujaolewa. Wewe mambo ya ngozi kulowa umeyajulia wapi?"

"Kwenye kitanda chetu," Jenifer akasema.

Watu sita walikuwa pale. Walianza kutazamana. Bundala alitabasamu pole pole, kama mtu aliyeokota shilingi.

"Kitanda chenu kinaloweshwa na nani? Generoza si yuko Malampaka?"

Jenifer alinitazama. Hakunitazama kwa kunilaumu, heri angenilaumu. Aliniangalia mguu, ule uliokuwa kwenye ngazi, kuona kama unashuka. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kinywani mwangu. Kwa kweli hata neno halikuhitajika, ningeushusha mguu tu na kusema ninamwamini. Nilichofanya, niliongeza mguu wa pili. Nilikuwa tayari kupanda jukwaa ninalojua litaanguka, mradi watu sita wasicheke.

"Ni mimi, fundi," Jenifer akasema. "Tangu nimzae Generoza. Kila nikilowesha, kamba zinalegea na kitanda kinabonyea mpaka chini. Zikikauka zinabaki hivyo hivyo, mpaka mume wangu azifungue na kuzifunga upya. Ndiyo maana najua. Baba Generoza, shuka."

Walicheka. Masele alicheka mpaka akasahau magunia yake. Athanasi, aliyekuwa akichekecha mchanga, ilibidi akae chini. Mke wangu alisimama katikati ya kicheko hicho na kidole chake bado kiko kwenye ukanda.

Nikashuka. Msidhani nilipata ujasiri. Nilisema nimesahau pima maji yangu, nakwenda kuitafuta. Pima maji ilikuwa mfukoni, ncha imetokeza, kila mtu anaiona.

"Basi nitapanda mwenyewe," Bundala akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Niwaonyeshe kitanda changu mimi."

Jenifer alimshika shati. Bundala aliutoa mkono huo kwa upole, kama anavyoutoa mtu mkono wa mgonjwa, akapanda. Alifika juu, akasimama katikati ya ubao, akakanyaga mara moja kwa kisigino. Hakuna kilichotokea. Akatutazama, akakanyaga mara ya pili. Fito iliteleza kwenye nguzo bila kishindo, upande mmoja tu, ubao ukalala mshazari na tofali zilizokuwa zimebaki juu zikamfuata. Fito ya kiunoni aliikamata, lakini nayo ilifungwa kwa ngozi. Nguzo zote zilibaki zimesimama vizuri kabisa.

Alivunjika nyonga. Tulimlaza juu ya ule ule ubao, tukampeleka hospitali kwa gari la Masele, na tangu siku hiyo anatembea na fimbo. Ghala tulilimalizia kwa waya, na chini ya kila fito tukapigilia kipande cha ubao kwenye nguzo, ili fundo likilegea fito ipate pa kukaa. Wazo la kipande cha ubao lilikuwa la Jenifer. Baada ya kila mvua alipita kila fundo kwa mkono wake kabla mtu hajapanda, na hakuna aliyethubutu kumtangulia.

Leo Bundala anafundisha vijana. Anawaambia wasifunge ngozi, wakague mafundo baada ya mvua, wasidanganyike na nguzo ngumu. Anafundisha vizuri sana, na anasema aliyajua hayo kwa uzoefu wake. Mwenye kipande cha ubao hatajwi. Anayetajwa, zinapofika hadithi za kuchekesha wakati wa chakula, ni yule mama aliyekuwa akikojoa kitandani. Kisimani walimsogezea ndoo pembeni. Kuna harusi waliyomkatalia asilale na wageni wenzake. Hakunisema kwa mtu, wala kwa Generoza. Mimi pombe niliiacha mwaka uliofuata, na kila mtu akanisifu kwa kumvumilia mke mgonjwa.

Mwaka jana nilishindwa kuendelea. Jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilikutana nyumbani kwa Felisita, mwenyekiti wetu, na ulipofika muda wa nia za kila mmoja, nikasimama. Bundala alikuwepo na fimbo yake. Nikasema yote. Nikasema kitanda kilikuwa kinaloweshwa na mimi, mlevi, na kwamba Jenifer alijitwika aibu yangu ili nisife, na kwamba niliikubali kwa miaka yote hii kwa sababu ilinifaa.

Felisita akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mmemsikia Mahona, kina baba?" akasema. "Hivi ndivyo mume anavyomstiri mkewe. Yuko tayari kujipaka tope mbele yetu sote ili mwenzake apumzike."

"Si hivyo, mama," nikasema. "Nasema kweli, ni mimi."

"Tunaelewa, baba," akajibu, na wote wakatikisa vichwa, hata Bundala, aliyenyoosha mkono akanipiga bega kwa heshima. Wakapiga magoti. Waliniombea nidumu katika upendo huo, kisha wakamwombea Jenifer uponyaji wa ugonjwa wake, kwa jina lake kamili, mara tatu.

Jenifer aliitikia amina pamoja nao.