Tani elfu moja za Januari

Wenzangu niliosoma nao uhasibu wako benki, wana viyoyozi. Mimi nilirudi Garissa kuhesabu mawe. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi, na machimbo ya jasi yalikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kwenye ardhi tuliyokodi kwa mjane mmoja. Kila mtu alimwita Eeddo, yaani shangazi. Mwajiri wangu nilimwita Adeer, kama unavyomwita baba mdogo, ingawa hatuna undugu wowote. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo tangu ujana wake. Mawe aliyaingilia uzeeni na hakuwahi kuyazoea.

Mkataba wetu haukuwa mgumu, ila watu walipenda kuufanya mgumu. Serikali ilikuwa na chake, tulichokilipa kando. Eeddo alikuwa na mrabaha wa shilingi mia kwa kila tani iliyotoka machimboni. Lakini tuchimbe tusichimbe, kwa mwaka hakupata chini ya laki sita. Mwaka ambao mrabaha haukufika laki sita, tulimjazia, na kile tulichojazia tulikiita upungufu. Upungufu huo tungeweza kuufidia baadaye, mrabaha ukipita laki sita: ile ziada hatumpi, tunajirudishia. Ila tulikuwa na miaka miwili tu ya kufanya hivyo. Ikipita, upungufu unakufa, na hasara ni yetu.

Mwaka wa kwanza mvua ilikata barabara ya kwenda Nairobi. Tulitoa tani elfu mbili basi. Mrabaha ulikuwa laki mbili, Eeddo akalipwa laki sita, na Adeer akauza mbuzi wake mwenyewe kuzitimiza. Upungufu: laki nne. Mwaka wa pili tulitoa tani elfu saba, tukajirudishia laki moja. Zikabaki tatu. Mwaka wa tatu daftari langu lilionyesha tani elfu nane. Tukajirudishia laki mbili, Eeddo akapata zilezile laki sita zake, na laki moja iliyobaki ikafa kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Niliifuta kwa kalamu nyekundu. Adeer alitazama ule mstari mwekundu, akasema, "Alhamdulillah, ni mali tu," akaenda kuswali.

Mwaka wa nne hatukuwa na upungufu wowote mgongoni. Kwa daftari langu tulitoa tani elfu saba na mia mbili. Maana yake, kwa mara ya kwanza Eeddo angepata zaidi ya laki sita: laki saba na elfu ishirini. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimpigia simu wiki ya kwanza ya Januari, kabla sijafunga hesabu, nikamwambia. Nani alinituma? Hakuna. Nilifurahi tu. Ukame ulikuwa umemmalizia ngamia wake wote, na zile laki sita kila mwaka zilikuwa na wenyewe tayari: karo za wajukuu, duka la unga, dawa za presha. Laki moja na elfu ishirini ya juu ilikuwa yake peke yake. Akaniambia, "Nitanunua ngamia wa maziwa." Aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Siku kumi baadaye nilikuwa najaza fomu ya serikali. Fomu ile inataka tarehe ambayo kila lori lilitoka machimboni, kwa hiyo nilichukua kitabu cha mlinzi wa geti na kukilinganisha na stakabadhi za mizani za kiwanda kilichonunua jasi yetu. Mwanzoni mwa mwaka wa nne vikakataa kulingana. Malori zaidi ya thelathini, jumla tani elfu moja, yalikuwa yametoka getini mwisho wa Desemba ya mwaka wa tatu. Kiwanda kilikuwa kimefunga kwa sikukuu, yakalala nje, yakapimwa Januari. Na mimi niliyaandika Januari.

Kosa hilo lina asili yake. Adeer alinifundisha siku ya kwanza kazini kwamba mzigo unahesabiwa ukifika. Ndivyo ilivyo kwa mifugo: ng'ombe aliyepakiwa Garissa si ng'ombe mpaka ashuke Nairobi akiwa hai, maana njiani wanakufa. Nikayaandika mawe kama ng'ombe. Miaka minne! Jiwe litakufaje njiani? Mkataba umesema wazi, tani inahesabiwa inapotoka machimboni, na mimi ndiye niliyesomea mambo hayo. Miaka mingine haikudhuru kitu kwa sababu hatukuwa na lori njiani mwaka ulipokwisha.

Tani zile zikirudi kwao, mwaka wa tatu unakuwa na tani elfu tisa. Ziada inakuwa laki tatu, upungufu wote unafidiwa, na mstari wangu mwekundu ni uongo. Malipo ya mwaka ule hayabadiliki, laki sita ni laki sita. Mwaka wa nne ndio unaoumia. Unabaki na tani elfu sita na mia mbili, na Eeddo anabaki na laki sita na elfu ishirini.

Ningeweza kunyamaza. Sitajifanya malaika, nililifikiria jambo hilo mpaka chai ikapoa. Kisha nikamwambia Adeer. Akasema, "Mwite. Asisikie kwa simu."

Eeddo alikuja akiwa na chupa ya chai iliyojaa maziwa ya ngamia, akaiweka juu ya meza yangu. Hakungoja malipo, alikuwa amemchukua ngamia sokoni kwa ahadi, kwa neno langu. Nilimweleza yote kwa Kisomali, polepole, nikimwonyesha kitabu cha geti. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza swali moja tu:

"Mwaka ule wa mvua, mlinilipa mawe ambayo yalikuwa bado chini?"

"Ndiyo, Eeddo."

"Na niliyala." Akamwonyesha Adeer kwa kidevu. "Basi laki hiyo ni yake."

Adeer akakohoa. Akasema laki moja hiyo atampa yeye kutoka mfukoni, isiingie kwenye hesabu, iwe baina yao na Mungu. Nilishusha pumzi. Eeddo akavuta shungi lake, akamtazama usoni.

"Juzi ilikuwa haki yangu," alisema. "Leo ni sadaka. Wapo wanaostahili sadaka kuliko mimi, wape hao."

Hakuwa na hasira, wallahi. Afadhali angenitukana. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akaweka alama kwenye taarifa mpya ya hesabu, akajifuta na kitambaa. Kisha akanisogezea simu yake ndogo, maana hajui kuandika, akaniomba nimpelekee muuza ngamia ujumbe. Aliusema neno kwa neno, nami nikaandika: "Njoo umchukue ngamia wako leo. Maziwa ya siku hizi kumi nitayalipa, nina elfu ishirini."

Nilimsomea. Akasema ni sawa, tuma. Hesabu yangu ilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kwa kosa lolote. Nikabonyeza, ujumbe ukaenda.