Usiku wa Lichinga Usio na Risiti

Karatasi za safari yetu ya Lichinga nilizipanga kwanza kwa aina, kisha kwa sarafu: malazi, tiketi, posho, metikali peke yake, shilingi peke yake, dola peke yake. Huwezi kumwaga metikali na shilingi kwenye debe moja ukasema umejumlisha. Kila sarafu inapata jumla yake, ndipo unaigeuza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye stakabadhi ya duka la fedha. Kazi hiyo huwa naipenda. Siku ile niliichukia.

Tulitumwa Msumbiji watatu kwa ajili ya ufuta wa wakulima wa Lusewa: bosi, mimi mhasibu, na dereva wetu. Fedha ya malazi tulipewa mkononi kwa metikali. Asiye na risiti ya hoteli anairudisha. Ya chakula ililipwa kwa dola na haidai risiti: unasaini hati ya posho, basi, ule usile shauri yako.

Kwenye malazi nikakuta risiti mbili tu. Nikaikung'uta bahasha, wapi. Nikamwita dereva ofisini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mhasibu."

"Risiti yako ya hoteli siioni."

Akacheka kidogo. "Nililala kwenye gari. Zamani hawakuwa wanauliza."

"Siku hizi wanauliza."

"Sasa zile hela nimeshanunua bati. Nyumba yangu pale Lizaboni inavuja, na mvua ndiyo hiyo inakuja."

Sikushangaa, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimwona asubuhi moja kule Lichinga akinawa uso kwa maji ya chupa kando ya gari. Nilikuwa dirishani, nimelala vizuri. Nikarudisha pazia, kwa sababu nami nilikuwa nabana matumizi yangu kwa siri: nilikuwa nakula mkate na ndizi chumbani, asubuhi na jioni, ili dola zirudi nami Songea. Zilirudi. Kochi lililopo sebuleni kwangu ndizo hizo.

Nilikwenda kwa bosi kumwombea. Akasema utaratibu ni utaratibu, dereva akatwe kwenye mshahara, kidogo kidogo. Utaratibu wenyewe nilikuwa nimeuandika mimi kwenye kompyuta. Nikarudi mezani, nikajaza safu ya metikali ya dereva: alichopewa, alichotumia sifuri, cha kurudisha chote. Safu yangu haikudaiwa hata senti. Nilijisikia mwizi mwenye vibali.

Nikampa dereva asaini. Aliisoma karatasi polepole, ya kwake kisha ya kwangu iliyokuwa chini yake. Nilitamani anitukane.

"Nieleweshe, mhasibu," akasema. "Kwa hiyo ningelala hotelini nikashinda njaa, bati lingekuwa langu?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaomba kalamu.