Mama Reli na Dumu Lililobanwa Kifuniko

Imaculata Haule alipima vifurushi miaka kumi na mmoja katika stesheni ya Makambako, hadi reli ilipopunguza watu. Akarudi kwao Songea na sanduku moja na tabia moja: mzigo haupandi chombo cha abiria kabla hajajua kilichomo. Mwenye mabasi mmoja, Mzee Rupert, akampa meza ya vifurushi stendi kwa majaribio ya mwezi. Siku zilikuwa zimebaki tisa, na kibarua hicho ndicho kilichowalisha mama yake na wanawe wawili.

Ramson, kondakta wa basi la Tunduru, alimwita Mama Reli, na hakumwita hivyo kwa heshima.

Asubuhi hiyo ya masika alifika Romanus, shemeji wa Mzee Rupert, mwenye shimo la vito huko Tunduru. Aliweka mezani mapanga manne na shoka, na chini akatua dumu la plastiki la lita ishirini.

"Mapanga na shoka ni ya vibarua. Dumu ni ulanzi, mama. Wanadai kinywaji."

Mapanga hayakumsumbua. Aliyalaza pamoja na shoka, makali ndani, akayaviringisha gunia mara mbili na kuyafunga kwa mpira wa baiskeli.

"Haya yataingia buti. Ndani kwa abiria hapana. Basi likifunga breki ghafla, panga halichagui shingo."

Kisha akainamia dumu. Kifuniko kilikuwa kimebanwa, tena kimewekewa nailoni chini yake.

"Ulanzi wa lini?"

"Wa jana jioni."

Imaculata akamtazama. Ulanzi huendelea kuchacha njiani. Anayeusafirisha huziba mdomo wa dumu kwa gunzi la hindi ili upumue, la sivyo dumu huvimba na kupasuka. Hili lilikuwa limebanwa usiku kucha, na ubavu wake ulikuwa bapa kama meza. Akafungua kifuniko kidogo tu. Harufu ya petroli ikamjibu kabla Romanus hajajibu.

"Kaka, ulanzi huu unawalewesha wangapi?"

Wabeba mizigo wakacheka. Romanus hakucheka.

"Shimo limejaa maji, mama. Pampu imezimika, Tunduru mafuta hayapatikani wiki ya pili hii. Nina watu sita wamekaa tu."

"Lete hapa, nitaliweka chini ya kiti changu," Ramson akadakia. "Mama Reli, hii siyo treni! Hapa tunapakia, hatusomi katekisimu."

"Likiwa chini ya kiti chako, utavuta sigara zako ngapi mpaka Namtumbo? Na huyo mama mwenye mtoto nyuma yako, umemwambia?" Akaketi, akafunga kitabu cha stakabadhi na kukiegemea kwa kiwiko. "Siandiki."

Akaitwa mwenye basi. Alikuja na mwavuli, basi likiwa limeshawashwa, abiria wakipiga mayowe ya kuchelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unamzuia shemeji yangu."

"Simzuii yeye, mzee, nazuia petroli. Lakini basi ni lako." Akafungua kitabu, akamsukumia na kalamu. "Andika hapa: petroli lita ishirini, ndani ya basi la abiria. Uweke saini. Nitapakia kwa mikono yangu."

Mzee Rupert akaishika kalamu. Akatazama madirisha, vichwa vilivyokuwa vinachungulia. Akairudisha.

"Basi liondoke," alisema. "Na wewe, mchana uje kwangu."

Imaculata alijua maana ya kuitwa. Hata hivyo alimgeukia Romanus.

"Haya, twende. Watu sita hawawezi kukaa bure."

Nyuma ya soko Bakili, dereva wa mizigo, alikuwa akifunga mapipa ya dizeli kwenye lori la wazi liendalo Tunduru. Habebi abiria, ana ndoo mbili za mchanga na kitambaa chekundu nyuma. Alilitazama dumu la plastiki akatikisa kichwa.

"Plastiki inasuguana, inatoboka. Tafuta la chuma, lenye kifuniko cha mpira. Na usijaze mpaka juu, petroli hupanuka juani."

Romanus akaazima dumu la chuma gereji. Wakahamishia petroli humo, uwanjani, upepo ukipuliza, mbali na majiko ya mama ntilie. Bakili akalikaza wima kati ya mapipa.

"Litafika kesho jioni, njia ikikubali," alisema.

Mchana Imaculata alisimama mbele ya Mzee Rupert, tayari kusikia neno moja tu.

"Karani aliyekutangulia," mzee akauliza, "aliwahi kumpokelea Romanus ulanzi?"

Imaculata akapekua kitabu. "Mara tatu. Ya mwisho tarehe nne mwezi uliopita."

Mzee akakivuta kitabu, akasoma mwenyewe. Tarehe nne, mkewe na mjukuu walipanda basi hilo kwenda msibani.

"Hizo siku zako za majaribio," alisema mwishowe, "ziache. Kazi ni yako. Na Ramson nitaongea naye mimi."

"Asante, mzee. Lakini aongee na mimi kwanza," Imaculata akajibu. "Kesho tunafungua buti pamoja, yeye na mimi, mzigo mmoja mmoja."